Gao, Vikombe na Beseni: Kusoma Kikaratasi cha Dawa ya Lehemu

Haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya umoja wa wastaafu hapa Ujiji, Kigoma. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu sehemu ya kuhangaika na kipaza sauti, na ile ya kugombea viti vya karibu na dirisha.

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni.

Nashukuru kwa kuniita. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie presha, nami nikamwomba ruhusa nizungumzie karatasi. Kile kikaratasi kinachokunjwa mara nane na kusukumwa ndani ya boksi la dawa, chenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Wengi wenu mnakitupa. Wachache mnakisoma, na kwa uzoefu wangu wa miaka mingi nyuma ya kaunta ya famasia, hao wanaosoma ndio wanaorudi kwangu wakiwa wameacha dawa.

Kuna mzee wangu mmoja hapa mjini, ameniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Zamani alikuwa akinunua migebuka mwaloni na kuisafirisha kwa treni. Ana kisukari cha miaka kadhaa na presha kidogo. Daktari alimwandikia atorvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku. Hii ni moja ya zile dawa tunazoita statini, za kushusha lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Akaanza. Wiki ya tatu mapaja yakaanza kumuuma. Akamwita mjukuu wake wa kidato cha nne amsomee kile kikaratasi, kwa kuwa kimeandikwa Kiingereza.

Kijana akasoma na kutafsiri vizuri tu, kama alivyofundishwa. Akasema: "Babu, hapa kuna madhara ya kawaida: maumivu ya misuli, maumivu ya viungo, kuharisha, sukari kupanda. Halafu kuna madhara yasiyo ya kawaida: ndoto mbaya, kusahau, masikio kulia. Halafu kuna ya nadra, hapa misuli inaharibika."

Mzee akafunga boksi. Alikaa bila dawa miezi miwili. Alipokuja kwangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, ukiniambia kitu ni cha kawaida, maana yake kila anayekunywa atakipata. Na hayo yasiyo ya kawaida ndiyo yalinitisha zaidi. Ndoto zisizo za kawaida! Hiyo si dawa ya hospitali tena."

Mlivyocheka ndivyo nilivyocheka mimi, kisha nikanyamaza, maana mzee alikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili chetu, kitu cha kawaida ni kile kinachotarajiwa. Mvua ya Novemba ni ya kawaida. Treni kuchelewa ni kawaida. Na mtu akisema mgonjwa ana homa isiyo ya kawaida, hamtafikiri kwamba homa hiyo huwapata watu wachache. Mtafikiri ni kali, au ina mkono wa mtu. Kijana alitafsiri neno kwa neno, na tafsiri ikageuza maana juu chini: lile kundi lenye watu wengi likasikika kama sheria, na lile lenye watu wachache likasikika kama jambo la kutisha. Wapo pia wanaotafsiri la tatu kuwa "adimu". Adimu ni sukari ikipotea madukani. Adimu ni kitu unachokitafuta. Nani anatafuta ini kuharibika?

Kwa hiyo leo naomba tuyaweke kando maneno hayo. Waandishi wa kikaratasi hawakuyatumia kama maneno. Waliyatumia kama majina ya tarakimu.

Ndiyo maana mnaona nimekuja na beseni. Haya ni maharage ya njano ya Kasulu. Jana usiku mke wangu alinikuta mezani nahesabu punje, akadhani nimepungukiwa. Nilipima kilo moja, nikahesabu punje 2,460. Humu kwenye beseni kuna kilo nne na ushee, nimezifikisha punje 10,000. Msinihesabie. Punje moja nimeipaka rangi ya kucha nyekundu nikaichanganya. Beseni hili lizunguke kwenye viti huku naongea, mwenye macho aitafute.

Sasa tazameni mkono wangu. Nikichota gao moja hivi, ni kama punje 100. Vikombe viwili vya chai, hivi vya bati, ni kama punje 1,000. Na beseni lote ni 10,000. Vikaratasi vingi vya dawa tunavyopata hapa vinafuata mpangilio uliowekwa Ulaya, nao umejengwa juu ya vipimo hivi hivi vitatu.

Lile kundi ambalo kijana aliliita la kawaida ni kundi la gao. Maana yake, ukichukua watu 100 wanaokunywa dawa, aliyepatwa ni mmoja au zaidi, lakini hawafiki 10. Lile aliloliita lisilo la kawaida ni kundi la vikombe: katika watu 1,000 utampata mmoja au zaidi, lakini hawafiki 10. Na lile la nadra ni kundi la beseni: katika watu 10,000, mmoja au zaidi, lakini hawafiki 10. Kuna kundi moja juu ya gao, ambamo hupatwa watu 10 au zaidi kati ya 100, na kuna moja chini ya beseni, la nadra sana, ambamo hafiki hata mtu mmoja kati ya 10,000. Basi. Msikariri majina. Karirini gao, vikombe, beseni.

Mtu mwingine akiona 10,000 anashtuka kwa sababu ni namba kubwa. Mfikirie samaki mmoja, kuhe, mezani. Mkiwa kumi, kila mtu anapata kipande cha maana. Mkiwa elfu kumi, hata harufu hamtaipata. Namba ya chini ikikua, fungu lako linapungua.

Kuna mtego mwingine katika maandishi yenyewe. Chini ya kichwa cha kundi la gao kikaratasi husema: "huweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10." Lile neno "hadi" watu hulirukia. Hiyo ni dari. Ni kama kusema gari hili hubeba hadi abiria 30. Huenda leo limebeba wanne. Dalili inayompata mtu mmoja kati ya 100 na dalili inayowapata tisa kati ya 100 zimewekwa chumba kimoja, chini ya kichwa kimoja, na kikaratasi hakikuambii ipi ni ipi.

Msidhani kosa hili la kusikia wengi pale walipo wachache ni la kwetu Kigoma kwa sababu ya tafsiri. Wenye Kiingereza chao wanakosea vilevile. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliofanywa kwa watu 120 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya moyo. Walielezwa madhara ya simvastatini, ndugu yake huyu wa atorvastatini. Waliopewa neno tupu la kundi la gao kuhusu kufunga choo walikisia kwamba yatawapata watu 34 kati ya 100. Waliopewa namba walikisia 8. Kwa kongosho kuvimba, ambalo lilipewa neno la nadra, waliopewa neno walikisia watu 18 kati ya 100. Kumi na wanane! Na neno lenyewe linasema hafiki hata mmoja kati ya 100, bali ni wa kutafutwa ndani ya beseni. Waliopewa namba walikisia 2, ambayo bado ni kubwa mno, lakini afadhali.

Turudi kwa mzee wetu na mapaja yake, kwa sababu hapo ndipo penye utamu.

Tuseme sasa ameelewa kwamba maumivu ya misuli yako kundi la gao: wachache kati ya 100. Bado kuna swali ambalo kikaratasi hakilijibu. Hao wachache, je, wangeumwa hata bila dawa? Hebu nyoosheni mikono: nani hapa mwezi huu ameumwa mgongo, goti, paja au bega? Naona. Wangapi kati yenu mnakunywa statini? Naona mikono imepungua sana. Basi hao wengine wameumwa na nini? Jembe, godoro, miaka.

Ili kujua, watafiti hugawa watu mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja hupewa dawa, jingine hupewa kidonge kitupu, kinachofanana nacho kwa kila kitu ila hakina dawa ndani. Sitakiita kidonge bandia, maana kwetu dawa bandia ni uhalifu na kuna watu wa kuwapigia simu. Hiki ni kidonge kitupu, na anayekinywa anajua kwamba huenda amepata kitupu. Hakuna ajuaye ana kipi.

Mwaka 2022 yalikusanywa pamoja majaribio 19 ya namna hiyo ya statini, yenye watu karibu 124,000, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne hivi. Waliuliza kila aina ya kuumwa misuli au misuli kulegea. Sikilizeni: katika kila watu 1,000 waliokunywa statini, 271 walisema misuli inauma. Katika kila 1,000 waliokunywa kidonge kitupu, waliosema hivyo walikuwa 266.

Tofauti ni watu watano.

Kuna mzee pale ameguna, na swali lake nalisoma usoni: kikaratasi kinasema hawafiki 100 kati ya 1,000, wewe unasema 271, tumwamini nani? Wote. Kikaratasi kinachukua hesabu ya majaribio fulani ya dawa hiyo moja, kwa namna yao ya kuuliza na muda wao. Hawa wengine walihesabu kila lalamiko la misuli, hata dogo, kwa miaka. Ukiwauliza watu wa makamo kwa miaka minne kama wamewahi kuumwa misuli, hata ungekuwa unawapa maji ya Tanganyika ungepata robo yao. Cha kutazama ni ile tofauti kati ya mafungu mawili. Ile ndiyo ya dawa. Na watu watano kati ya 1,000 ni kundi la vikombe, si kundi la gao.

Hapo pia walipata jambo la kuwafaa. Hiyo ziada ilionekana zaidi mwaka wa kwanza, kama watu 11 kwa kila 1,000, na baada ya hapo haikuonekana kuendelea. Wakapiga hesabu kwamba katika watu 15 waliolalamikia misuli huku wakinywa statini mwaka ule wa kwanza, ni mmoja tu ambaye dawa ndiyo ilimletea. Kumi na wanne wangeumwa vilevile.

Nisieleweke kwamba nasema watu wanadanganya. Kuna jaribio jingine la Uingereza, lililotoka mwaka 2020, nalipenda sana. Walichukua watu 60 ambao wote walishawahi kuacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12 za miezi 12: nne zina statini, nne zina kidonge kitupu, nne hazina kitu kabisa. Kila siku waliandika wanajisikiaje, kutoka sifuri hadi 100. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya kidonge kitupu 15.4. Miezi ya statini 16.3. Maumivu yalikuwepo kweli, yalipanda kweli, lakini karibu yote yalipanda kwa kumeza kidonge, kiwe na dawa au kisiwe nayo. Walipooneshwa daftari zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa. Mwili unaosubiri kuumwa husikiliza kila mshipa. Na sisi wa famasia tunachangia, maana tunampa mtu karatasi yenye orodha ndefu halafu tunamwambia "soma".

Sasa, mzee wangu alipokuja sikumwambia "hayo ni mawazo yako". Nilimuuliza. Yanauma paja moja au yote mawili? Yote mawili. Hapo nilikaa vizuri, kwa sababu maumivu ya statini hupenda pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa: mapaja, makalio, mabega, nayo hujitokeza wiki au miezi ya mwanzo, au dozi inapopandishwa. Nikamuuliza wiki ile ya tatu alikuwa wapi. Akasema shambani, anapalilia mihogo. Mwaka juzi wakati wa kupalilia ulijisikiaje? Akafikiri, akacheka: "Ilikuwa hivi hivi, ila mwaka juzi sikuwa na karatasi." Je, alipoacha dawa, maumivu yaliisha baada ya wiki ngapi? Akasema yaliisha mihogo ilipokwisha.

Bado sikuamua peke yangu. Nilimrudisha kwa daktari, akapimwa kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi, ambacho huvuja kwenye damu misuli ikiumia. Kilikuwa sawa. Wakakubaliana aanze tena kwa miligramu 10, aonekane baada ya wiki sita, na asianze wiki ya kulima. Anaendelea nayo. Mapaja yanamuuma msimu kwa msimu, naye amezoea.

Nimesikia makofi kule nyuma. Kuna nini?

Mama ameiona! Leteni. Naam, ndiyo yenyewe, rangi ya kucha ya mke wangu. Mama, hongera. Punje moja ndani ya 10,000, na imeangukia mkononi mwako. Nilikuwa nakaribia kusema kwamba jambo la beseni huenda hamtaliona maisha yenu yote, na mama amenikatiza kwa haki, maana nadra ni namba ya umati. Kwa yule mmoja imeshampata yote.

Basi tuseme ni wewe. Katika beseni la atorvastatini kuna hali inayoitwa rabdomiolisisi, ni jina gumu, lakini kinachotokea ni rahisi kueleza: misuli inabomoka, takataka zake zinaingia kwenye damu na kuziba figo. Utaijuaje? Haitafanana na paja la mtu aliyepalilia. Misuli inauma sana au inakosa nguvu kabisa, unashindwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma, unashindwa kuinua mkono kuchana nywele, pengine na homa, na mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Siku hiyo huchukui kikaratasi kutafuta uko kundi gani. Unaacha kidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile macho na ngozi vikiwa vya manjano, au uso na ulimi vikivimba ukashindwa kupumua vizuri. Neno la kundi linakuambia ni watu wangapi. Halikuambii ni kitu kizito au chepesi. Tumbo kujaa gesi kuko kwenye gao, figo kuziba kuko kwenye beseni, na nisingependa mtu aivumilie ya pili wiki nzima kwa sababu karatasi imesema ni nadra.

Na hilo beseni halijachanganywa sawasawa kwa kila mtu. Ile namba ni wastani wa watu wote. Kuna vitu vinavyokuhamisha kutoka beseni kukusogeza kwenye vikombe. Dozi kubwa. Figo dhaifu. Tezi ya shingo inayofanya kazi taratibu bila kutibiwa. Umri mkubwa na mwili mdogo. Na zaidi ya yote, dawa nyingine inayozuia ini kuivunja statini, ili ijae kwenye damu kana kwamba umekunywa vidonge vingi kwa mara moja. Kwa hapa kwetu ninayoiogopa zaidi ni klarithromaisini, ile iliyomo kwenye seti ya vidonda vya tumbo. Mtu anakunywa statini yake kwa amani mwaka mzima, anaumwa tumbo, anapita duka jingine la dawa, anapewa seti, hasemi anatumia nini. Simvastatini na klarithromaisini hazikai pamoja kabisa. Atorvastatini nayo huhitaji dozi ipunguzwe au isimamishwe hadi seti iishe. Itrakonazoli ya fangasi ni hivyohivyo, na baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonavia ndani. Hata juisi ya balungi ukiinywa kwa wingi kila siku inaongeza dawa mwilini. Kwa hiyo unapokwenda popote kununua dawa, beba boksi lako. Usimwelezee muuzaji kwamba ni kidonge cheupe.

Nimeulizwa na mwenyekiti kwa karatasi: upande wa faida uko wapi kwenye hicho kikaratasi? Haumo, mzee, na hilo nami huniudhi. Utaambiwa dawa ni ya nini, basi. Madhara yana kurasa mbili. Faida haina hata namba moja.

Nikuwekeeni namba kwenye beseni hilihili. Chukua watu 10,000 ambao tayari wamepata shambulio la moyo au kiharusi, wape statini ya nguvu, mfano atorvastatini miligramu 40, kwa miaka mitano. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa majaribio haya ni kwamba watu wapatao 1,000 kati yao wanaepushwa na tukio kubwa la moyo au mishipa ambalo lingewapata. Hiyo ni vikombe viwili vizima. Kwa ambao bado hawajapata tukio lakini wako hatarini, ni kama 500. Upande wa pili, katika watu haohao kwa miaka hiyo mitano, wanaopata ugonjwa wa kweli wa misuli ni kama watano. Punje tano. Kiharusi cha kuvuja damu kinaongezeka kwa watu 5 hadi 10. Na wanaogundulika kuwa na kisukari kipya ni 50 hadi 100, wengi wao wakiwa watu ambao sukari yao ilikuwa tayari inagonga mlango. Hiyo ya kisukari siifichi, ndiyo kubwa kuliko zote za hatari, na ndiyo sababu tunawapima sukari. Lakini hata wao wamo ndani ya wale 10,000 waliohesabiwa faida.

Nilisema niache nafasi ya maswali. Mama pale, karibu.

Mama ameuliza vizuri sana. Anasema kwenye kikaratasi chake, mwisho kabisa, baada ya gao, vikombe na beseni, kuna kichwa kinachosema "idadi haijulikani". Anauliza: kama wenye dawa yao hawajui, mimi nitaimezaje?

Mama, kugawanya kunahitaji namba mbili. Waliopatwa wangapi, na waliokunywa wangapi. Kwenye majaribio zote mbili zipo, maana watu wameandikwa daftarini. Dawa ikishatoka sokoni, mtu wa Mpanda anapata shida, daktari wake anajaza fomu, inafika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwingine wa nchi nyingine vivyo hivyo. Sasa unayo namba ya juu: fomu kadhaa. Ya chini huna, kwa sababu hakuna anayejua ni wangapi waliokunywa, na wangapi walipatwa wakakaa kimya. Huwezi kugawanya. Hapo ndipo wanaandika haijulikani. Mara nyingi hayo ni mambo ya nadra mno hata hayakujitokeza kwenye majaribio yenye maelfu ya watu, lakini kikaratasi hakiruhusiwi kukisia, nami sitakisia.

Kwenye atorvastatini, moja ya yaliyomo chini ya kichwa hicho ni hali ambayo kinga ya mwili inashambulia misuli, na udhaifu unaendelea hata baada ya kuacha kidonge. Huo ndio utambulisho wake. Maumivu ya kawaida ya statini huisha ndani ya wiki chache ukiacha. Ukiacha na miguu ikazidi kulegea, rudi hospitali useme hivyo hasa: nimeacha, na bado inazidi. Na mwombe anayekuhudumia ajaze ile fomu ya njano, maana ni kwa taarifa kama hizo hiyo namba ya juu inapatikana.

Swali la mwisho? Ndiyo, mzee.

Maharage? Yanabaki hapa kwa mama wa jikoni. Ila ile nyekundu itoeni, ina rangi ya kucha.